Paa Lako Linabeba Paneli Ngapi? Kulipima kutoka Angani Kabla ya Kununua Sola

Fundi wa sola akifika nyumbani, mara nyingi husimama uani, huinua macho na kusema, "Hapa zinaingia ishirini bila shida." Mwenye nyumba hufurahi, hutoa malipo ya awali, na paneli hununuliwa. Siku ya kuzifunga ndipo inapobainika kwamba safu ya tatu haienei, au kwamba nusu ya paneli zitakaa chini ya kivuli cha mwembe asubuhi nzima. Fedha imeshatoka, na mti ni wa jirani.

Hasara ya namna hii inaepukika. Leo mtu yeyote mwenye kompyuta na intaneti anaweza kuliona paa lake kwa picha ya setilaiti na kulipima kwa dakika chache bila kupanda ngazi. Lakini picha hiyo haisemi yote. Inaonyesha paa kana kwamba limelazwa chini, inaonyesha vivuli vya dakika moja tu ya mwaka, na wakati mwingine hupotosha hata ukubwa wa upande mmoja wa paa dhidi ya mwingine. Anayejua kuyasahihisha mambo hayo matatu hupata hesabu ya kuaminika. Asiyejua hupata namba nzuri isiyo na kazi.

Ili tusibaki hewani, tuchukue nyumba moja ya mfano, aina ambayo haikosekani katika mitaa ya Dodoma. Ni nyumba ya bati yenye paa la mgongo, yaani pande mbili zinazokutana juu kwenye kofia. Mgongo wenyewe umelala mashariki kwa magharibi, hivyo upande mmoja wa paa unatazama kaskazini na mwingine kusini. Mbele kuna duka lenye friji za vinywaji, na mita ya Luku inaonyesha familia na duka kwa pamoja wanatumia kama uniti 24 kwa siku. Kaskazini mwa nyumba, karibu na kona ya mashariki, kuna mwembe. Mbali kidogo, uani, kuna tenki la maji juu ya mnara.

Kuchora paa kwenye picha

Chombo rahisi cha kuanzia ni Google Earth Pro, programu inayopatikana bure. Unaitafuta nyumba, unasogea karibu, unafungua `Ruler`, unachagua `Polygon`, kisha unabofya kona za paa moja baada ya nyingine mpaka umbo lifunge. Programu inakupa eneo kwa mita za mraba na urefu wa mzingo.

Ubora wa kipimo hicho unategemea picha. Kila picha ya setilaiti imeundwa na vipande vidogo vya mraba vinavyoitwa pikseli. Setilaiti za Sentinel-2 za Ulaya, ambazo picha zake ni za bure, zina pikseli ya mita 10. Hiyo inatosha kuona shamba, lakini nyumba nzima inaweza kumezwa na pikseli moja. Picha zinazofaa kwa paa ni zile za setilaiti za kibiashara, zenye pikseli ya kati ya sentimita 30 na 50, na ndizo unazoziona mara nyingi kwenye Google Earth ukisogea karibu na mji. Kisiwani Zanzibar kuna bahati zaidi: mwaka 2016 ulianza mradi wa kupiga picha Unguja na Pemba kwa droni, kwa pikseli ya sentimita chache tu.

Kuna pia hazina ya Open Buildings ya Google, iliyotolewa mwaka 2021, ambayo imechora mamilioni ya majengo ya Afrika kutoka kwenye picha za setilaiti. Kila jengo lina safu iitwayo `area_in_meters`. Inafaa kwa anayetaka kukadiria mtaa mzima au wilaya. Kwa nyumba moja uichukulie kama dokezo tu, kwa sababu mahali nyumba zinapobanana, mapaa mawili yanaweza kuchorwa kama moja, na kibanda cha uani kikaunganishwa na nyumba kubwa.

Katika nyumba yetu ya mfano, mchoro unatoa urefu wa mita 12 na upana wa mita 8.4, kuanzia ukingo wa bati upande mmoja hadi ukingo wa pili. Eneo ni karibu mita za mraba 101. Hapo ndipo wengi huishia.

Upande unaoonekana mkubwa

Ukitazama picha kwa makini utaona jambo la ajabu: mgongo wa paa haupo katikati. Upande wa kaskazini una upana wa mita 4.6 na wa kusini mita 3.8. Je, fundi aliyejenga alikosea?

Huenda hakukosea. Setilaiti ni nadra kupita juu ya nyumba yako hasa. Mara nyingi inapiga picha kutoka pembeni kidogo, na kila kitu kirefu kinaonekana kuegemea upande ulio mbali nayo. Ndiyo maana kwenye picha za maghorofa ya Dar es Salaam huweza kuonekana ukuta mmoja wa jengo pamoja na paa lake. Mgongo wa paa uko juu kuliko kingo zake, kwa hiyo nao unasogea. Upande unaoitazama setilaiti unaonekana umepanuka, na upande ulioipa kisogo unaonekana umefinywa.

Habari njema ni kwamba kingo mbili za chini ziko kwenye kimo kimoja, hivyo zinasogea kwa kiasi kilekile. Jumla ya pande mbili haibadiliki: 4.6 na 3.8 ni 8.4. Kama paa ni la pande mbili zinazolingana, na unaweza kuhakikisha hilo kwa kuitazama pembetatu ya ukuta wa mwisho wa nyumba, gawa jumla kwa mbili. Kila upande una mita 4.2. Anayepima upande wa kaskazini peke yake kwenye picha hii anajizawadia sentimita 40 ambazo hazipo.

Kosa jingine la familia hiyohiyo ni kuuchora ukuta unaoonekana kana kwamba ni sehemu ya paa. Rangi husaidia: bati lina mng'ao mmoja na mistari ya migongo yake, ukuta una kivuli na madirisha. Fuata ukingo wa bati tu.

Mwinamo: mita zinazofichwa na picha

Fungua kitabu nusu, ukiweke kifudifudi mezani ili kisimame kama paa. Ukikitazama kutoka juu kabisa, kurasa zinaonekana fupi kuliko zilivyo. Kadiri kitabu kinavyosimama wima, ndivyo zinavyozidi kuonekana fupi, ingawa karatasi haijapungua. Picha ya setilaiti inalitazama paa lako kwa jicho hilo. Inaona kivuli chake cha ardhini, haioni urefu wa bati.

Sahihisho ni hesabu fupi: gawa upana wa kwenye picha kwa kosaini ya mwinamo wa paa. Mwinamo wa nyuzi 10 unaongeza asilimia 1.5 tu, ambayo unaweza kuiacha. Nyuzi 20 zinaongeza asilimia 6.4. Nyuzi 30 zinaongeza asilimia 15.5, na hapo kuipuuza ni kosa kubwa.

Mwinamo wenyewe haupatikani kwa urahisi kwenye picha ya setilaiti moja. Unapimwa nyumbani, na vifaa ni vya fundi yeyote wa mtaani. Chukua ubao ulionyooka wa mita 1, gusisha ncha moja kwenye bati, ulaze sawasawa ukiuelekeza nje upande wa kushuka kwa paa, na uhakikishe kwa pima maji. Kisha pima kutoka ncha ya pili kushuka wima mpaka kwenye bati. Ukipata sentimita 27, mwinamo ni nyuzi 15. Sentimita 36 ni nyuzi 20, sentimita 47 ni nyuzi 25, na sentimita 58 ni nyuzi 30.

Nyumba yetu inatoa sentimita 36, yaani nyuzi 20. Kwenye Excel, eneo la kweli la upande mmoja linaandikwa hivi:

```
=12*4.2/COS(RADIANS(20))
```

Jibu ni mita za mraba 53.6, badala ya 50.4 za kwenye picha. Kwa lugha ya bati, upande mmoja una urefu wa mita 4.47 kutoka mgongoni hadi ukingoni, si mita 4.2. Kuna njia ya haraka ya kuthibitisha: muulize mwenye nyumba alikata bati la urefu gani. Mabati mengi siku hizi hukatwa kiwandani kwa kipimo cha mteja, na risiti huandika. Akikuambia bati moja la mita 4.5 lilitoka juu hadi chini bila kuungwa, picha na risiti zimekubaliana.

Eneo si idadi ya paneli

Paneli ya wati 550 inayouzwa sana sasa ina urefu wa karibu mita 2.28 na upana wa mita 1.13, yaani mita za mraba 2.58. Anayegawa 53.6 kwa 2.58 anapata 20. Huyo ndiye fundi wetu wa "zinaingia ishirini bila shida". Hesabu yake ya kugawanya ni sahihi, lakini paneli haikatwi ili kujaza pengo.

Kwanza acha nafasi kwenye kingo. Upepo hunyanyua kwa nguvu zaidi kwenye kingo na karibu na mgongo, na anayesafisha anahitaji mahali pa kukanyaga. Tukiacha sentimita 40 kila upande, paa lenye mita 12 kwa 4.47 linabaki na mita 11.2 kwa 3.67 za kutumika.

Sasa jaribu kuzipanga. Paneli zikisimamishwa, urefu wake ukifuata mteremko, safu moja inachukua mita 2.28 na ya pili haienei. Zinaingia 9 tu. Zikilazwa, kila safu inachukua mita 1.13, na pamoja na nafasi ya sentimita 2 ya vibanio, safu tatu zinahitaji mita 3.44. Zinaenea. Kwa urefu wa mita 11.2 zinaingia paneli 4 kila safu. Jumla ni 12, na kipande kinachobaki mwishoni, cha kama mita 2, kinakuwa njia ya kusafishia.

Hapa ndipo mwinamo unaonyesha thamani yake. Aliyetumia mita 4.2 za kwenye picha anabaki na mita 3.4 baada ya kutoa kingo. Safu tatu zinataka 3.44. Anakosa sentimita 4, anapanga safu mbili, na anaondoka na paneli 8 mahali palipo na nafasi ya 12.

Lakini tuwe wakweli pia kwa upande wa pili. Safu ya tatu inaenea kwa ziada ya sentimita 23 tu, na pikseli moja ya picha inaweza kuwa nusu mita. Kama upana halisi wa nyumba ni mita 7.9 badala ya 8.4, kila upande unapungua na safu ya tatu inakosa nafasi. Kwa hiyo weka kanuni hii: ukiona mpango wako unasimama au kuanguka kwa kipimo kidogo kuliko pikseli, futi kamba ndiyo iamue, na iamue kabla paneli hazijanunuliwa. Kazi ya picha ni kukuonyesha ni kipimo gani kimoja ambacho lazima ukakipime kwa mkono.

Jua la Dodoma linapita pande zote mbili

Vitabu na video nyingi za sola zimetengenezwa Ulaya na Marekani, na husisitiza kwamba paneli zitazame kusini. Ushauri huo ni sahihi huko. Kwetu unapotosha.

Dodoma iko nyuzi 6 kusini mwa Ikweta. Mwezi Juni jua la adhuhuri liko kaskazini, nyuzi 60 juu ya upeo. Desemba liko kusini, karibu nyuzi 73. Mapema Machi na mapema Oktoba linapita utosini kabisa. Maana yake ni kwamba kila upande wa paa letu una msimu wake. Adhuhuri ya Juni, jua la moja kwa moja linaloangukia upande wa kusini ni kama theluthi mbili tu ya lile la upande wa kaskazini. Desemba mambo hugeuka: kaskazini hupata kama sehemu nane za kumi za kusini. Kwa mwaka mzima upande wa kaskazini unashinda, ila kwa mwinamo huu wa nyuzi 20 ushindi wake ni wa kama asilimia 10 tu.

Asilimia 10 ni ndogo kuliko hasara ya kivuli kibaya. Kwa hiyo katika ukanda wetu swali la kwanza si paa linatazama wapi. Swali la kwanza ni nini kinalifunika.

Kumpima mwembe bila kuupanda

Picha ya setilaiti ina kipimo cha urefu wa miti ndani yake, kwa sababu ina vivuli. Kwa dakika ileile, jua lileile, vivuli vyote kwenye ardhi tambarare vina uwiano mmoja na vitu vyake. Ukijua urefu wa kitu kimoja, umejua vyote.

Tenki letu la uani ndilo kipimo. Kutoka ardhini hadi mfuniko ni mita 5, imepimwa kwa futi kamba. Kwenye picha ya Januari, kivuli chake kina mita 2.5. Kila mita ya kivuli, basi, ni mita 2 za urefu. Kivuli cha mwembe, kutoka kwenye shina hadi ncha, kina mita 4.5. Mwembe una mita 9.

Kwa nini picha ya Januari? Kwa sababu mwezi huo jua liko kusini, na picha nyingi za setilaiti hupigwa kabla ya adhuhuri, jua likiwa bado mashariki kidogo. Kivuli cha mwembe kinaanguka kaskazini magharibi, kwenye uwanja mtupu, na ncha yake inaonekana. Kwenye picha ya Julai kivuli hichohicho kingepanda ukutani na kwenye bati, na urefu wake ungedanganya. Google Earth Pro inakuwezesha kurudi nyuma kwa `Historical Imagery`, na tarehe ya kila picha imeandikwa chini ya kioo. Tafuta za miezi tofauti. Za zamani pia zitakuonyesha jinsi mti ulivyokua, na hilo ni onyo: sola inafungwa kwa miaka zaidi ya 20, na mwembe hauachi kukua kwa sababu umefunga paneli.

Sasa tuupeleke mti huo mwezi Juni, wakati jua liko kaskazini na kivuli kinaielekea nyumba. Ukingo wa paa uko mita 3 juu ya ardhi, hivyo mita 6 za mwembe ndizo zilizo juu ya ukingo huo. Shina liko mita 3 kaskazini mwa ukingo. Adhuhuri, kivuli cha mita hizo 6 kinasonga kusini kama mita 3.4. Kinagusa ukingo tu, mahali ambapo hatuweki paneli. Hapo mtu angesema mti hauna neno.

Lakini paneli hufanya kazi tangu asubuhi. Rudi nyuma saa tatu kabla ya adhuhuri ya jua, jua likiwa nyuzi 37 tu juu ya upeo. Kivuli kinarefuka hadi mita 8, kikielekea kusini magharibi. Kinavuka ukingo na kupanda juu ya bati kwa zaidi ya mita moja. Pia kimesogea kama mita 6 magharibi, kwa hiyo mti ulioko kwenye kona ya mashariki unafunika katikati ya paa. Safu ya chini ndiyo inayoumia. Safu mbili za juu ziko salama saa hiyo. Mapema zaidi ya hapo kivuli ni kirefu zaidi, ila jua nalo bado ni hafifu, na kinachopotea ni kidogo.

Ukitaka kulihakiki hili kwa macho, kumbuka kwamba adhuhuri ya jua Dodoma si saa 6 kamili. Saa zetu zinafuata mstari ulioko mashariki ya mji huo, hivyo mwezi Juni jua hufika kileleni karibu saa 6 na dakika 40 mchana. Saa tatu kabla ya hapo ni kama saa 3 na dakika 40 asubuhi. Simama uani wakati huo, piga picha ya paa kwa simu, na uweke alama mahali kivuli kinapoishia. Miezi ya Juni na Julai ni ya kiangazi Dodoma, mbingu ni nyeupe, na kivuli kinachoharibu saa hizo kinaharibu jua zuri.

Na uharibifu wake ni mkubwa kuliko ukubwa wa kivuli chenyewe. Seli za paneli zimeungwa mfululizo, na paneli nazo huungwa mfululizo, umeme ukipita kutoka moja hadi nyingine. Seli iliyofunikwa inabana mkondo wa wenzake. Ndani ya paneli ya kawaida mna diodi tatu zinazoruhusu umeme kuipita sehemu iliyofunikwa, hivyo paneli haizimi yote, lakini tawi dogo likifunika seli chache linaweza kukunyima theluthi nzima ya paneli. Ndiyo maana haifai kuuhesabu mti kwa kupunguza mita za mraba tu. Sehemu inayofunikwa saa za kazi iondoe kwenye mpango.

Kujumlisha

Tumefika kwenye mahitaji. Duka na familia wanataka uniti 24 kwa siku. Kwa Dodoma, ambako jua ni jingi, tuchukue kwa tahadhari saa 5.5 za jua kamili kwa siku; kipimo cha mahali pako utakipata bure kwenye tovuti ya Global Solar Atlas au PVGIS. Kisha tuzidishe kwa 0.75, kwa sababu joto la bati, vumbi, nyaya na inveta hula karibu robo ya umeme. Kila kilowati ya paneli inatupa uniti 4.1 hivi kwa siku. Uniti 24 zinahitaji kilowati 5.8, yaani paneli 11 za wati 550.

Upande wa kaskazini una nafasi 12, lakini safu ya chini tumeiondoa kwa ajili ya mwembe. Zimebaki 8, zinazotoa uniti 18. Zilizopungua tunazipeleka kusini, safu ya juu, ambako hakuna mti. Huko kila paneli inatoa kama asilimia 10 pungufu, kwa hiyo tunaweka 4 badala ya 3, nazo zinatoa uniti 8. Jumla ni paneli 12 na uniti 26 kwa siku ya wastani, kukiwa na akiba kidogo.

Pande hizo mbili zisiungwe kwenye mfululizo mmoja, kwa sababu kila moja inapata jua tofauti na iliyo dhaifu itaizuia iliyo na nguvu. Inveta iwe na maingizo mawili yanayojitegemea, moja la kaskazini, jingine la kusini. Hilo lisemwe kabla ya inveta kununuliwa.

Njia nyingine ilikuwa kupunguza matawi ya mwembe na kuirudisha safu ya chini. Ni njia nzuri kama mti ni wako, na kama uko tayari kurudia kazi hiyo kila baada ya misimu michache.

Kuna swali moja ambalo picha haiwezi kulijibu hata ikiwa na pikseli ya sentimita moja: nguvu ya paa. Paneli moja ina uzito wa karibu kilo 28. Paneli 12 ni zaidi ya kilo 330, bila kuhesabu reli na mtu anayezifunga. Kenchi zilizoliwa na mchwa hazionekani kutoka angani. Lazima mtu apande darini na tochi.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, usikubali idadi ya paneli inayotajwa kwa kutazama juu. Kabla hujatoa hata shilingi ya malipo ya awali, mwombe fundi mwenye leseni ya EWURA akuletee mchoro wa paa lako kwenye karatasi: urefu wa bati, mwinamo wake, kila paneli ikiwa imechorwa mahali pake kwa kipimo, na mstari unaoonyesha kivuli kinafika wapi asubuhi, adhuhuri na jioni, Juni na Desemba. Kazi hiyo haimchukui hata siku moja. Akishindwa kuileta, tafuta fundi mwingine.